Mada ya 9: Kusoma Mkunjo wa Titresheni ya Asidi Dhaifu na Besi Kali

Katika mada iliyopita ulijifunza kutafuta ukolezi wa asidi kwa kutumia bureti, pipeti na kiashiria. Kazi ile ilikupa namba moja tu, yaani ujazo wa besi uliotumika mpaka rangi ilipobadilika. Katika mada hii tunaweka kipima pH ndani ya chupa ya koni na kuandika pH kila tunapoongeza besi kidogo. Tukichora grafu ya pH dhidi ya ujazo wa besi, tunapata mkunjo. Mkunjo huo hutupa habari mbili. Ya kwanza ni ukolezi wa asidi, ambao tungeupata hata kwa kiashiria. Ya pili ni kiasi cha udhaifu wa asidi yenyewe, na hii husomwa moja kwa moja kwenye nukta ya nusu ulinganifu.

Watahiniwa wengi huweza kuuchora mkunjo lakini hushindwa kuusoma. Hutafuta nukta ya ulinganifu kwenye pH 7, kisha hugawa pH kwa mbili badala ya kugawa ujazo. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: kutojua ndani ya chupa kuna nini katika kila hatua. Kwa hiyo tutaupitia mkunjo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila tunaposimama tutajiuliza swali hilohilo: sasa hivi ndani ya chupa kuna nini?

9.1 Mkunjo tutakaousoma

Chukua sm³ 25.0 za asidi ya ethanoiki, ambayo ndiyo asidi iliyomo kwenye siki, yenye ukolezi wa 0.100 M. Weka katika chupa ya koni. Ndani ya bureti weka sodiamu haidroksaidi yenye ukolezi wa 0.100 M. Mmenyuko ni huu:

CH₃COOH + NaOH → CH₃COONa + H₂O

Mol moja ya asidi humenyuka na mol moja ya besi. Kwa kuwa ukolezi ni sawa pande zote mbili, tunajua mapema kwamba asidi yote itakwisha pale sm³ 25.0 za besi zitakapokuwa zimeingia. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, pH hubadilika hivi:

| Ujazo wa NaOH (sm³) | pH |
|---|---|
| 0 | 2.88 |
| 2.5 | 3.81 |
| 5.0 | 4.16 |
| 10.0 | 4.58 |
| 12.5 | 4.76 |
| 15.0 | 4.94 |
| 20.0 | 5.36 |
| 24.0 | 6.14 |
| 24.9 | 7.16 |
| 25.0 | 8.73 |
| 25.1 | 10.30 |
| 26.0 | 11.29 |
| 30.0 | 11.96 |

Kabla hujaendelea, chukua karatasi ya grafu uchore mkunjo huu. Weka ujazo kwenye mhimili wa mlalo na pH kwenye mhimili wa wima. Usiunganishe nukta kwa rula. Pitisha mstari laini kwa mkono. Utaona sehemu nne: kupanda kwa haraka kidogo mwanzoni, sehemu ndefu iliyolala, ukuta unaosimama karibu wima, na mwisho sehemu nyingine iliyolala juu.

9.2 Mwanzo: kwa nini pH si 1?

Kabla tone la kwanza la besi halijaingia, ndani ya chupa kuna asidi na maji tu. Kama asidi hii ingekuwa kali, mfano asidi ya haidrokloriki ya 0.100 M, molekuli zote zingejitenga kuwa ioni na pH ingekuwa 1.00. Asidi ya ethanoiki ni dhaifu. Katika kila molekuli 100, ni karibu moja tu inayokuwa imejitenga kwa wakati wowote:

CH₃COOH ⇌ CH₃COO⁻ + H⁺

Mishale miwili inaonyesha msawazo: kuna molekuli zinazojitenga na kuna ioni zinazorudiana. Msawazo huu una namba yake, inayoitwa kizio cha kujitenga kwa asidi, Ka:

Ka = [H⁺][CH₃COO⁻] ÷ [CH₃COOH]

Kwa asidi ya ethanoiki, Ka ni 1.74 × 10⁻⁵. Namba ndogo namna hii ni ngumu kulinganisha kwa macho, kwa hiyo tunaigeuza kwa logi kama tunavyofanya kwa pH:

pKa = −log Ka = 4.76

Kadiri pKa inavyokuwa kubwa, ndivyo asidi inavyokuwa dhaifu zaidi.

Sasa tazama tena jedwali. Kutoka sm³ 0 hadi sm³ 2.5, pH imepanda kutoka 2.88 hadi 3.81, kisha kasi ikapungua. Kwa nini ipande upesi mwanzoni? Kwa sababu tone la kwanza la besi hutengeneza ioni za CH₃COO⁻, ambazo mwanzoni zilikuwa chache mno. Ioni hizo mpya huurudisha msawazo upande wa kushoto, na H⁺ zilizokuwepo hupungua kwa kasi. Baada ya hapo chupa huwa na akiba ya vitu viwili, asidi na ioni za chumvi yake, na mambo hutulia.

9.3 Sehemu iliyolala: asidi na chumvi yake pamoja

Kati ya sm³ 2.5 na sm³ 22.5 hivi, ndani ya chupa kuna asidi ambayo bado haijamenyuka pamoja na chumvi iliyokwisha kutengenezwa. Mchanganyiko wa namna hii huitwa bafa, na sifa yake ni kukataa pH isibadilike upesi. Ukiongeza besi, asidi iliyobaki huimeza. Linganisha: kutoka sm³ 10.0 hadi sm³ 15.0 umeongeza sm³ 5.0 nzima za sodiamu haidroksaidi, lakini pH imepanda kwa 0.36 tu.

Mpangilio upya wa fomula ya Ka hutuonyesha pH inategemea nini katika sehemu hii:

pH = pKa + log ([CH₃COO⁻] ÷ [CH₃COOH])

Isome fomula hii kwa maneno. pKa haibadiliki, maana ni tabia ya asidi. Kinachobadilika ni uwiano wa chumvi kwa asidi. Uwiano huo unaweza kuupata moja kwa moja kutoka kwenye bureti, bila kukokotoa ukolezi. Kila sm³ 1 ya besi iliyoingia imegeuza sehemu ileile ya asidi kuwa chumvi. Kwa hiyo zikiingia sm³ 5.0 kati ya 25.0 zinazohitajika, chumvi ina mafungu 5 na asidi iliyobaki ina mafungu 20:

pH = 4.76 + log (5 ÷ 20) = 4.76 − 0.60 = 4.16

Linganisha na jedwali. Jibu ni lilelile.

Ujazo wa mchanganyiko ndani ya chupa unaongezeka, lakini hilo halituhangaishi hapa. Chumvi na asidi zimo katika maji yaleyale, kwa hiyo ujazo hujifuta katika uwiano.

9.4 Nukta ya nusu ulinganifu

Sasa simama kwenye sm³ 12.5. Huu ni nusu ya ujazo wa sm³ 25.0 unaohitajika kumaliza asidi yote. Ndani ya chupa kuna nini? Nusu ya asidi imegeuka chumvi na nusu imebaki ilivyo. Mafungu ya chumvi ni 12.5 na mafungu ya asidi ni 12.5. Uwiano ni 1, na logi ya 1 ni sifuri:

pH = pKa + log 1 = pKa + 0 = pKa

Hapo ndipo penye thamani ya mkunjo wote. Katika nukta ya nusu ulinganifu, pH unayoisoma kwenye mhimili wa wima ndiyo pKa ya asidi. Kwa asidi ya ethanoiki tunasoma 4.76. Tukitaka Ka tunageuza logi:

Ka = 10^(−4.76) = 1.74 × 10⁻⁵

Angalia kwamba hukuhitaji kujua ukolezi wa asidi wala wa besi ili kupata pKa. Ulihitaji kujua tu ujazo wa kumaliza asidi yote, ukaugawa kwa mbili, ukasoma pH. Ndiyo maana njia hii hutumika hata kwa asidi ambayo hujui ni ipi: ukishapata pKa, unalinganisha na orodha ya pKa za asidi zinazojulikana.

Nukta hii ina dalili nyingine inayokusaidia kujikagua. Hapo ndipo sehemu ya bafa inapolala kuliko pote. Ukienda kushoto au kulia kwa hatua ileile, mkunjo husimama zaidi. Kama nukta uliyoiweka alama imeangukia mahali ambapo mkunjo unapanda kwa ukali, umekosea mahali fulani.

Makosa matatu ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kugawa pH kwa mbili. Mtahiniwa anaona pH kwenye nukta ya ulinganifu ni 8.73, anagawa kwa mbili na kuandika pKa ni 4.37. Jibu hili ni hatari kwa sababu linakaribia jibu sahihi, kwa hiyo mwandishi wake haoni kosa. Nusu inayozungumzwa ni nusu ya asidi, na asidi tunaihesabu kwa ujazo wa besi, si kwa pH.

Kosa la pili ni kugawa ujazo wa mwisho wa bureti. Kama jaribio liliendelea hadi sm³ 30.0, nusu yake ni sm³ 15.0, na pH hapo ni 4.94, si 4.76. Ujazo wa kugawa ni ule wa nukta ya ulinganifu, sio ule ulipoachia kumimina.

Kosa la tatu ni kutafuta pKa katikati ya ukuta. Katikati ya ukuta ni nukta ya ulinganifu. Nusu ulinganifu iko nyuma, katikati ya sehemu iliyolala.

9.5 Ukuta na nukta ya ulinganifu

Baada ya sm³ 22.5 asidi iliyobaki ni kidogo, na bafa inaanza kuishiwa nguvu. Kutoka sm³ 24.9 hadi sm³ 25.1, yaani matone manne hivi, pH inaruka kutoka 7.16 hadi 10.30. Katikati ya mruko huo ndipo penye nukta ya ulinganifu: mol za besi zilizoingia ni sawa kabisa na mol za asidi zilizokuwepo.

Uliza tena: ndani ya chupa kuna nini? Hakuna tena asidi ya kumenyuka na hakuna besi ya ziada. Kuna chumvi, sodiamu ethanoeti, ndani ya maji. Basi kwa nini pH ni 8.73 na si 7? Kwa sababu ioni ya CH₃COO⁻ ni mabaki ya asidi dhaifu, na asidi dhaifu hupenda kubaki na H⁺ yake. Ioni chache huchukua H⁺ kutoka kwenye maji na kuacha OH⁻:

CH₃COO⁻ + H₂O ⇌ CH₃COOH + OH⁻

OH⁻ hizo ndizo zinazoufanya mchanganyiko uwe na ubesi kidogo. Kwa hiyo asidi dhaifu na besi kali hulingana juu ya 7. Katika mkunjo wetu pH 7 inapitwa kabla kidogo ya nukta ya ulinganifu, kabla hata ya sm³ 24.9, wakati bado kuna asidi ndani ya chupa.

Baada ya sm³ 25.0 kila tone la besi ni ziada. Ioni za OH⁻ kutoka kwenye bureti ndizo zinazotawala pH, na udhaifu wa asidi haujalishi tena. Ukichora mkunjo wa asidi ya haidrokloriki ya 0.100 M juu ya huu, mikunjo miwili itatofautiana kabla ya ukuta na kulaliana baada yake.

9.6 Kiashiria kipi kinafaa?

Kiashiria kinafaa endapo kinabadilika rangi ndani ya ukuta. Fenolfthalini hubadilika kati ya pH 8.3 na 10.0 hivi. Masafa hayo yote yamo ndani ya mruko wetu, kwa hiyo tone moja au mawili yanatosha kuleta rangi ya waridi. Fenolfthalini inafaa.

Methili oranji hubadilika kati ya pH 3.1 na 4.4 hivi. Tafuta namba hizo kwenye grafu yako. pH 3.1 inapitwa kabla hata sm³ nusu haijaingia, na pH 4.4 inafikiwa kwenye sm³ 7.6 hivi. Maana yake ni kwamba rangi itabadilika polepole mno, kutoka nyekundu hadi njano kupitia rangi ya chungwa, na itakuwa imemaliza kubadilika kabla theluthi ya asidi haijamenyuka. Mwanafunzi atakayesimama kwenye sm³ 7.6 atakokotoa ukolezi wa asidi kuwa karibu 0.03 M badala ya 0.100 M. Ukiulizwa kwa nini methili oranji haifai, jibu lisiishie kwenye "kwa sababu asidi ni dhaifu". Sema kwamba masafa yake ya pH yameangukia kwenye sehemu ya bafa, nje ya ukuta, hivyo rangi hubadilika taratibu na mapema kabla ya nukta ya ulinganifu.

9.7 Mfano uliofanyiwa kazi

Swali. Siki ya dukani ilizimuliwa mara 10 kwa maji. Sm³ 25.0 za siki iliyozimuliwa zilititretiwa kwa sodiamu haidroksaidi ya 0.100 M, na matokeo yakawa haya:

| Ujazo wa NaOH (sm³) | pH |
|---|---|
| 0 | 2.92 |
| 4.0 | 4.14 |
| 8.0 | 4.56 |
| 10.0 | 4.73 |
| 12.0 | 4.89 |
| 16.0 | 5.28 |
| 20.0 | 6.16 |
| 20.6 | 6.77 |
| 21.0 | 10.64 |
| 21.6 | 11.23 |
| 25.0 | 11.92 |

(a) Tafuta ujazo wa NaOH kwenye nukta ya ulinganifu. (b) Tafuta pKa na Ka ya asidi. (c) Tafuta ukolezi wa asidi katika siki ya dukani, kwa M na kwa gramu kwa lita.

Jibu la (a). Hakuna mstari wa jedwali unaotaja nukta ya ulinganifu, kwa hiyo tunatafuta pH inaporuka zaidi kwa kila sm³ 1. Kutoka 20.0 hadi 20.6, pH inapanda kwa 0.61 ndani ya sm³ 0.6, yaani karibu 1 kwa kila sm³. Kutoka 20.6 hadi 21.0 inapanda kwa 3.87 ndani ya sm³ 0.4, yaani karibu 9.7 kwa kila sm³. Kutoka 21.0 hadi 21.6 inarudi karibu 1 kwa kila sm³. Ukuta uko kati ya 20.6 na 21.0. Tunachukua katikati yake: sm³ 20.8, ambapo pH kwenye mkunjo ni 8.7 hivi. Iko juu ya 7, kama tunavyotarajia.

Jibu la (b). Nusu ya 20.8 ni 10.4. Kwenye grafu, panda kutoka sm³ 10.4 mpaka ukutane na mkunjo, kisha nenda kushoto usome pH. Kama huna grafu, tumia nukta mbili za jirani. Kutoka sm³ 10.0 hadi 12.0 pH inapanda kwa 0.16. Tunataka sm³ 0.4 tu kati ya hizo 2.0, yaani moja ya tano:

pH = 4.73 + (0.16 ÷ 5) = 4.76

Kwa hiyo pKa = 4.76 na Ka = 10^(−4.76) = 1.74 × 10⁻⁵. Hii ni asidi ya ethanoiki, kama siki inavyopaswa kuwa nayo.

Jibu la (c). Mol za NaOH = 0.100 × 20.8 ÷ 1000 = 0.00208. Mol za asidi ni sawa, yaani 0.00208, na zimo katika sm³ 25.0:

Ukolezi wa siki iliyozimuliwa = 0.00208 × 1000 ÷ 25.0 = 0.0832 M

Siki ya dukani ilikuwa imezimuliwa mara 10, kwa hiyo ukolezi wake ni 0.832 M. Uzito wa mol moja ya CH₃COOH ni gramu 60, hivyo 0.832 × 60 = gramu 49.9 kwa lita. Hiyo ni sawa na asilimia 5 hivi.

Zingatia jambo moja. Siki hii ina ukolezi wa 0.0832 M na ile ya sehemu ya 9.1 ilikuwa 0.100 M. pH za mwanzo ni tofauti, ujazo wa ulinganifu ni tofauti, lakini pH ya nusu ulinganifu ni ileile, 4.76. Ukolezi unahamisha ukuta kushoto au kulia. pKa inabaki pale ilipo kwa sababu ni ya asidi yenyewe.

9.8 Mipaka ya njia hii

Kanuni ya pH = pKa kwenye nusu ulinganifu imejengwa juu ya dhana kwamba chumvi iliyomo ni ile tu iliyotengenezwa na besi, na kwamba kujitenga kwa asidi iliyobaki ni kudogo kiasi cha kupuuzwa. Kwa asidi dhaifu za kawaida katika ukolezi wa 0.1 M hivi, dhana hii inashika vizuri.

Kwa asidi kali haishiki kabisa. Chukua sm³ 25.0 za HCl ya 0.100 M na uongeze sm³ 12.5 za NaOH ya 0.100 M. pH itakuwa 1.48. Hii si pKa ya HCl. Ni H⁺ iliyobaki tu, mol 0.00125 ndani ya sm³ 37.5. Unaweza kuthibitisha kwa kuzimua asidi na besi zote mara 10: pH ya nusu ulinganifu ya HCl itapanda hadi 2.48, ilhali ya asidi ya ethanoiki itabaki karibu palepale. Ukipewa mikunjo miwili bila majina, tofauti zitakuwa hizi: ya asidi kali huanza chini, haipandi upesi mwanzoni, na ukuta wake ni mrefu ukiwa umezunguka pH 7, ya asidi dhaifu huanza juu zaidi, ina mpando mfupi wa mwanzo, na ukuta wake ni mfupi ukiwa juu ya 7.

Kuna pia makosa ya maabara. Kama kipima pH hakikusahihishwa kwanza kwa bafa za pH zinazojulikana, mfano pH 4 na pH 7, kinaweza kusoma chini kwa 0.3 katika nukta zote. Mkunjo wote utashuka, lakini ukuta utabaki kwenye ujazo uleule. Ukolezi utakuwa sahihi na pKa itakuwa na kosa la 0.3, na Ka itaonekana kubwa mara mbili ya ilivyo. Kinyume chake, kama ulisoma bureti vibaya, au NaOH imekaa wazi na kunyonya kaboni dioksaidi ya hewani, kinachoathirika zaidi ni ujazo wa ulinganifu na hivyo ukolezi. pKa haisumbuki sana, maana sehemu ya nusu ulinganifu imelala na kosa dogo la ujazo hapo halibadilishi pH kwa kiasi kikubwa. Ukiona pKa yako ya siki ni 4.46 ilhali ukolezi ni ule uliotarajiwa, shuku kipima pH kabla ya kushuku bureti.

Zoezi

1. Sm³ 20.0 za asidi dhaifu yenye haidrojeni moja ya kutolewa zilititretiwa kwa NaOH ya 0.125 M. Katikati ya ukuta ni sm³ 16.0. pH kwenye sm³ 8.0 ilikuwa 3.75.
(a) Tafuta ukolezi wa asidi.
(b) Andika pKa na ukokotoe Ka.
(c) Kokotoa pH pale sm³ 12.0 za besi zilipokuwa zimeingia.
(d) Je, asidi hii ni kali au dhaifu kuliko asidi ya ethanoiki?

2. Mwanafunzi ameandika: "Nilisoma ujazo pale pH ilipofika 7.0, kwa sababu hapo asidi na besi zimelingana." Eleza kosa lake, na useme kama ujazo aliousoma ni mkubwa au mdogo kuliko ujazo sahihi.

Majibu

1. (a) Mol za NaOH = 0.125 × 16.0 ÷ 1000 = 0.00200. Ukolezi wa asidi = 0.00200 × 1000 ÷ 20.0 = 0.100 M. (b) Sm³ 8.0 ni nusu ya 16.0, kwa hiyo pKa = 3.75 na Ka = 1.8 × 10⁻⁴. (c) Chumvi mafungu 12, asidi iliyobaki mafungu 4: pH = 3.75 + log 3 = 3.75 + 0.48 = 4.23. (d) Ni kali zaidi, kwa kuwa pKa yake ni ndogo kuliko 4.76. Thamani hii ni ya asidi ya methanoiki. Bado ni asidi dhaifu, ila udhaifu wake umezidiwa na ule wa ethanoiki.

2. Kwenye nukta ya ulinganifu ndani ya chupa kuna chumvi ya asidi dhaifu, ambayo ioni zake huchukua H⁺ kutoka kwenye maji na kuacha OH⁻, hivyo pH iko juu ya 7. Kwenye pH 7.0 bado kuna asidi kidogo ambayo haijamenyuka. Ujazo aliousoma ni mdogo kuliko ujazo sahihi. Kwa kuwa ukuta ni karibu wima, tofauti ya ujazo ni ndogo, lakini sababu aliyoitoa si sahihi.